Kona ya Watoto Harusini: Mwongozo kwa Aliyekubali Bila Kufikiri

Wazo la kona ya watoto huzaliwa kwenye kikao cha mwisho cha kamati ya harusi, baada ya ugomvi wa kreti za bia na kabla ya sala ya kufunga. Mtu mmoja, kwa kawaida mwenye watoto watatu, husimama na kusema: "Ndugu wajumbe, kwa nini tusiwatengee watoto sehemu yao, tukaweka michezo na dada mmoja wa kuwaangalia, wazazi nao wakafurahi siku moja?" Wajumbe hupiga makofi. Hakuna anayeuliza gharama, maana wazo lenyewe linaonekana ni la bure. Mwenyekiti huzungusha macho kutafuta wa kumkabidhi, na hapo wenye uzoefu wote huinama kufunga kamba za viatu, hata waliovaa ndala.

Mimi sikuinama. Ilikuwa harusi ya mdogo wangu wa kike, Dar es Salaam, Jumamosi moja ya Desemba, katika jengo lenye kumbi mbili. Sisi tulikuwa chini, juu yetu kulikuwa na harusi ya watu wengine. Wageni wetu 300, kadi inasema saa 12 jioni, na kibali cha ukumbi kinaishia saa 6 usiku. Nimeziandika hapa hatua zote nilizopitia, ili nawe ukizifuata upate matokeo yaleyale.

Anza kwa kutojua idadi. Ukimpigia mwalikwa simu, usimwulize majina ya watoto wala umri wao. Mwulize tu, "Mtakuja na watoto?" Atakujibu, "Labda wawili hivi," nawe andika wawili. Mzazi aliyetaja jina na miaka huwa amejifunga, lakini huyu wa "wawili hivi" amejiachia nafasi ya mpwa, ya mtoto wa jirani na ya yule aliyekuja likizo kutoka Mwanza. Kumbuka pia kwamba miaka yote kadi zetu zimekuwa zikiandikwa chini, kwa herufi ndogo, kwamba watoto hawaruhusiwi, na watu wamekuwa wakija nao kwa kujificha. Habari ikivuja kwamba safari hii kuna kona, mtu hajifichi tena. Daftari langu lilikuwa na watoto 14. Ilipofika saa 2 usiku walikuwa 37, mdogo kabisa ana miezi 8 na mkubwa ana miaka 13, sauti imeshaanza kukwaruza.

Mwalimu mmoja wa chekechea, jirani yangu, alikuwa amenionya. Alisema mtu mzima mmoja, usiku, mahali pageni penye kelele, anaweza watoto 10, wakizidi sana 12, na hao wawe wa miaka 4 hadi 9. Wa chini ya hapo hataki mchezo, anamtaka mama yake, na akianza kulia anawaanzisha na wenzake. Wa juu ya hapo anaiona kona ni kudharauliwa, ataivuruga kwa makusudi, isipokuwa umpe drafti na meza yake pembeni. Tena akaniambia sharti la umri liende pamoja na kadi, wiki kadhaa kabla, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kumzuia mtoto mwenye pampasi mlangoni huku shangazi yake amesimama hapo. Nilimshukuru sana yule mwalimu, nikaenda kununua maputo.

Kuhusu mahali, subiri mpambaji amalize kazi yake halafu ukubali kilichobaki. Mimi nilibakiziwa nafasi kati ya spika kubwa na mlango wa jikoni. Faida yake ni kwamba mtoto akilia huisikii sauti, unaona mdomo tu umefunguka. Hasara yake unaigundua chakula kinapotoka, wahudumu wanapopita mbiombio na masufuria ya bafe yenye maji ya moto chini, na mtoto wa miaka 5 anarudi kinyumenyume akikwepa mpira. Mhudumu wetu aliruka. Alitua vizuri, na sufuria lilikuwa la mboga za majani, kwa hiyo nililihesabu kuwa tukio dogo.

Mahali panapofaa pako karibu katika kila ukumbi, ila panataka mtu afike saa 8 mchana kabla ya mpambaji. Ni pembe ambapo kuta mbili zinakutana, upande ule ulio mbali na spika, mbali na jikoni, mbali na keki, na karibu na choo. Kuta mbili zimekufanyia nusu ya kazi. Upande wa tatu unafungwa kwa meza mbili zilizounganishwa, na upande wa nne kwa viti vilivyopewa mgongo, ukiacha mwanya wa mtu mmoja kupita. Kwenye mwanya huo ndipo kinapowekwa kiti cha msaidizi, wala si katikati ya watoto kama watu wanavyodhani. Akikaa mlangoni, hakuna anayetoka bila kumgusa goti. Ndani unatandika mkeka, na wazazi wakiwa mezani kwao waweze kuuona mkeka huo bila kusimama, kwa sababu mzazi asiyemwona mwanawe atakuja kumtazama kila baada ya dakika 10, na kila akija mtoto atakumbuka kulia.

Sasa msaidizi. Chukua dada wa kazi wa nyumbani kwa ndugu fulani, usimwambie malipo, usimwambie saa ya kuondoka, na mwache aamini kwamba amealikwa. Wangu alikuwa binti wa miaka 19, mpole, mchapakazi, aliyekuja amesuka nywele mpya na kuvaa viatu virefu vya kuazima. Nilipomwonyesha mkeka, alinitazama kama mtu aliyepanda basi la Morogoro akajikuta Tanga. Hakusema neno. Alivua viatu, akavipanga ukutani, akakaa chini.

Hapa niache utani kidogo, maana hapa ndipo kona zote hufia. Neno lenye hatari katika wazo zima la kamati si "watoto" wala si "michezo". Ni "mmoja". Kwenye karatasi, msaidizi mmoja yupo saa zote. Ukumbini hayupo, na sababu kubwa ya kutokuwepo kwake ni choo.

Fanya hesabu niliyoifanya mimi siku ya pili yake, nikiwa nimeinua miguu. Kumpeleka mtoto mmoja choo cha ukumbini, ukimpitisha kati ya meza, ukasubiri foleni ya akina mama wanaorekebisha vilemba, ukamfungua vifungo vya suti, ukamnawisha na kumrudisha, ni dakika 6 kwa uchache. Watoto 37 wakienda mara moja tu kila mmoja, ni dakika 222. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku kuna dakika 360. Maana yake binti wangu, hata kama kila mtoto angebanwa mara moja tu usiku mzima, angekuwa koridoni zaidi ya nusu ya sherehe, na muda huo wote watoto 36 wanalindwa na mkeka. Nao hawakubanwa mara moja, kwa sababu nilikuwa nimewawekea kreti mbili za soda mkononi kabisa, kila mmoja ajihudumie.

Dawa yake haihitaji msaidizi wa pili wa kulipwa, ingawa ukimpata mchukue. Inahitaji majina sita kwenye karatasi. Kila saa moja ya sherehe iwe na mtu mzima wa familia, aliyekubali kwa mdomo wake na siku moja kabla, ambaye akionyeshwa ishara anakuja kukaa kwenye kile kiti cha mlangoni dakika 15 huku dada akiwapeleka watoto kwa kundi. Kundi linakwenda kwa wakati uliopangwa, si kila anayeinua mkono: mara moja kabla ya maharusi kuingia, mara moja baada ya chakula, mara moja kabla ya zawadi. Watakaobanwa katikati watakuwapo, lakini sasa ni watatu, si 37. Na mle mle ndani ya dakika 15 ndimo dada mwenyewe anamoenda chooni. Katika kamati yetu ya watu 11 hakuna aliyewaza kwamba naye ana kibofu. Saa 3 na nusu alinifuata hadi meza kuu, nyuma yake wamejipanga watoto tisa, akaninong'oneza, "Kaka, naomba uwashike kidogo." Nilikuwa nimesimama katikati ya kumtambulisha mjomba wangu. Utambulisho uliendelea, huku watoto tisa wakinishika koti.

Turudi kwenye mwongozo. Michezo: imwage yote kwenye mkeka kwa wakati mmoja, mara tu mtoto wa kwanza anapofika. Penseli za rangi, vitabu vya kuchora, karata, udongo wa kuchezea, bao, mpira. Inapendeza sana kwenye picha. Mchezo wa mezani humshika mtoto wa miaka 6 kwa dakika 20, labda 25, na ukivimwaga vitu sita kwa pamoja atavigusa vyote sita kwa dakika hizo hizo 20, halafu zinabaki zaidi ya saa tano na nusu. Watu waoga hufunga kila mchezo kwenye mfuko wake na kuuficha chini ya meza, unatoka mmoja, unarudi, ndipo unatoka mwingine. Wananunua penseli, si kalamu za wino, kwa sababu wanajua bi harusi atapita kusalimia watoto na shela lake lina mita tatu.

Kwa michezo ya kusimama, nilichagua ule wa viti, ambapo muziki ukinyamaza asiyepata kiti anatoka. Sikuwahi kufikiria neno "anatoka" lina maana gani. Watoto 20 wanaanza, kiti kinapungua kimoja kimoja, na kila anayetolewa amepewa ruhusa rasmi ya kwenda zake. Baada ya dakika 10 binti alikuwa na watoto wanne wenye furaha kubwa, na 16 waliotawanyika ukumbini wakitafuta keki. Mchezo wowote unaotoa watu ni adui wa msaidizi mmoja. Anachotaka yeye ni michezo inayowashika wote hadi mwisho, na tunayo tangu zamani: ukuti ukuti, ambapo wote wameshikana mikono na ukimwona mmoja umewaona wote, hadithi na vitendawili, ambapo wote wamekaa, kurushiana mpira wa sponji wakiwa wameketi duara, miguu imetanuliwa.

Kombolela sitaki kuizungumzia kwa kirefu. Niseme tu kwamba meza kuu hufunikwa kitambaa hadi sakafuni, kwamba chini yake kuna giza zuri, na kwamba mgeni rasmi wetu, mzee wa heshima, alikatiza hotuba yake ghafla akaangalia chini kwa sababu kuna mtu alikuwa anamfungua kamba za viatu.

Maputo jaza mengi, na yanayopasuka yaache sakafuni. Hivyo ndivyo nilivyofanya mpaka yule jirani yangu mwalimu, ambaye alikuwa mgeni tu mezani kwake, alipokuja kimya akapiga magoti kwa gauni lake la sherehe na kuanza kuokota vipande. Alinieleza baadaye kwamba kipande cha puto lililopasuka kikivutwa kooni kinaziba njia ya hewa kama kifuniko, na kwamba watoto wanapenda kukitafuna na kukinyonya. Kwa sababu hiyo hiyo alikusanya karanga na pipi za duara mbele ya watoto wadogo. Zile kete za bao alizihesabu, akakuta 63. Bao letu lina kete 64. Ile moja ilikuwa ndani ya pua ya kijana wa miaka 4 kutoka upande wa bwana harusi, na mwenyewe alikuwa ametulia kabisa, akitusaidia kutafuta. Mwalimu alikataza kidole na alikataza kijiti, maana kuchokoa kunaisukuma ndani zaidi. Baba yake alimpeleka kituo cha afya, ikatolewa kwa kifaa kama mkasi mwembamba, wakarudi wakati wa ndafu. Hiyo ndiyo familia pekee niliyoitumia zawadi mimi, badala ya kuipokea.

Chora pia nyuso. Ni jambo zuri, watoto wanapenda kuwa chui na vipepeo, na anayechora analazimika kumpa mgongo kila mtoto mwingine. Sisi tulianza saa 1 na nusu. Saa 3 kasoro mshereheshaji akatangaza maharusi wako mlangoni, na watoto wa maua wajipange. Mpiga video alikuwa tayari, taa zimezimwa, muziki wa kuingilia umeanza. Mshika pete akatokea mbele ya msafara, suti nyeupe, hatua za pole kama alivyofundishwa wiki tatu, mto wa pete mikononi, na uso wa simba dume mwenye masharubu. Ukumbi ulisimama kwa makofi. Mama yake aliniangalia tu. Rangi hizo hutoka kwa maji na sabuni ukipewa dakika 10, na ratiba ya harusi haina dakika 10 za kumwosha simba.

Kuhusu chakula, wape pamoja na watu wazima. Bafe yetu ilifunguliwa saa 4 na dakika 20 usiku, saa ambayo mtoto wa darasa la kwanza huwa ameshalala kwa saa mbili. Walikuwa wameishi kwa soda na biskuti tangu magharibi. Wenye akili hupatana na mpishi sahani za watoto zitoke saa 1 na nusu, chipsi na kipande cha kuku kisicho na pilipili, ndizi moja, maji, na sahani ya dada ikiwa ya kwanza kutoka, kwa sababu ikiwa ya mwisho haitoki. Gharama haziongezeki, ni sahani zilezile mlizolipia, zimetoka mapema. Binti wangu alikula saa 5 na robo, wali mtupu na mchuzi, akiwa amesimama, mtoto mmoja amelala begani kwake.

Limebaki la kukabidhiana. Huu ndio ukurasa ambao mwongozo wangu ulikuwa nao, na niliujivunia. Nilinunua utepe wa karatasi, ule wanaotumia mafundi wa rangi, na kila mtoto aliyeingia nilimbandikia kipande kifuani chenye jina lake na namba ya simu ya mzazi. Kibandiko cha kifuani hudumu dakika nne. Mtoto anakiona, anakichezea, anakibandua, anambandikia mwenzake. Kinabandikwa mgongoni, kati ya mabega, mahali ambapo mkono wake haufiki, na kinaandikwa namba ya meza kabla ya namba ya simu, kwa sababu hakuna mzazi anayesikia simu pembeni ya spika. Halafu kwenye daftari unaandika nani amemleta, na huyo huyo ndiye anayemchukua. Anko mchangamfu anayekuja mikono mitupu akisema, "Huyu wetu, nampeleka kwa mama yake," arudi na huyo mama. Kama ni anko wa kweli, hatachukia kutembea hatua 20.

Saa 6 kasoro robo mshereheshaji alifunga, na wazazi wakaja kwa wimbi moja. Walikuwa na furaha, nikiri hilo. Wengine sikuwahi kuwaona wakicheza muziki hadi mwisho tangu wapate watoto. Walichukua waliokuwa wao, wakamshukuru dada, mmoja akamwekea noti mkononi. Nilisimama na daftari nikipiga tiki. Tiki 35, wawili hawaonekani, na juu ya mkeka amelala mtoto mmoja wa kike wa miaka kama 5, gauni la njano, kibandiko kifuani kinasema ni mvulana anayeitwa kwa jina la babu yangu.

Tulimwamsha taratibu. Tukamwuliza baba yuko wapi, akasema yuko harusini. Tukamwuliza bi harusi anaitwa nani, akataja jina ambalo hakuna aliyelijua. Dada aliliangalia lile gauni la njano, kisha akaangalia ngazi. Sare yetu ilikuwa ya zambarau.

Tulipanda juu, dada akiwa pekupeku, viatu mkononi. Harusi ya juu ilikuwa bado inagawa keki. Kwenye foleni, mbele kabisa, wamesimama wavulana wawili waliovaa zambarau, sahani mkononi, mmoja ana uso wa kipepeo. Mama mmoja wa kamati yao alikuwa anawapangusa mdomo, na alipotuona alinyoosha mkono kwa furaha.

"Karibuni," alisema. "Nyinyi ndio wa kona ya watoto?"